Kabla Alizeti Haijavunwa, Panga Madumu

Alizeti ya Singida na Dodoma huanza kuvunwa Mei, na kuanzia Juni mashine za kukamua hazilali. Hapo wakamuaji wote huhitaji kitu kimoja kwa wakati mmoja: madumu. Aliyejaza mafuta tangini lakini hana dumu la lita 5 la kuyatilia, hana cha kupeleka sokoni. Akipiga simu Julai kwenye kiwanda cha plastiki anaambiwa asubiri, kwani waliomtangulia ni wengi na mashine ni zilezile.

Foleni hiyo inakwepeka mapema, mwezi Machi. Mkamuaji humpelekea mtengenezaji makadirio ya mahitaji yake, kisha humwomba ahadi ya maandishi kwamba mashine zitatengwa kwa ajili yake. Wengi hufanya la kwanza wakasahau la pili. Makadirio si oda, na mtengenezaji aliyeyapokea bila kuulizwa neno hajaahidi chochote.

Tuchukue mfano wa mkamuaji wa kiasi cha kati. Mwishoni mwa Machi anaandika jedwali la robo nne zijazo. Aprili hadi Juni anahitaji madumu 45,000. Julai hadi Septemba 120,000. Oktoba hadi Desemba 80,000. Januari hadi Machi 40,000. Robo ikiisha anaifuta, anasogeza zilizobaki, anaongeza mpya mwishoni na kurekebisha namba kwa kadiri anavyoliona soko na mavuno. Kwa hiyo jedwali huonyesha mwaka mzima ulio mbele, wakati wowote linaposomwa.

Namba hizo hazina uzito sawa. Robo iliyo karibu ni oda kamili: kilichoandikwa kitatengenezwa na kitalipwa. Robo inayofuata ina nafasi ya kupanda au kushuka, tuseme kwa asilimia 15. Mbili za mwisho ni dira tu, za kumsaidia mtengenezaji kupanga ununuzi wa malighafi na matengenezo ya mashine. Mipaka hiyo iandikwe juu ya jedwali, la sivyo kila upande utaisoma namba ileile kwa namna inayoufaa.

Sasa tuingie kiwandani. Mashine inayotoa dumu moja kila sekunde 24 hutoa 150 kwa saa. Ikifanya kazi saa 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni madumu 75,000. Ukiondoa muda wa kubadilisha kalibu, kukatika kwa umeme na madumu yenye kasoro, hubaki kama 60,000. Kwa robo ni 180,000, na mkamuaji wetu anataka 120,000. Kwa hesabu ya haraka anatosheka.

Lakini mashine hiyo si yake peke yake, na robo haigawanyiki sawasawa. Akizigawa 120,000 kwa miezi, Julai anahitaji 50,000, Agosti 42,000 na Septemba 28,000. Mtengenezaji, akishatoa hesabu ya wateja wengine, anaweza kumtengea 42,000 tu kwa mwezi. Pengo ni madumu 8,000 ya Julai, na limeonekana kwa sababu robo ilivunjwa kuwa miezi.

Ndiyo maana swali la kumuuliza mtengenezaji si "Mtaweza?", kwa kuwa jibu lake kila mara ni "Hakuna shida, bosi." Muulize: Julai mmetutengea madumu mangapi? Ni kwenye mashine ipi, na kwa zamu ngapi? Kalibu yetu ni moja au mbili? Malighafi ya kazi hiyo imeshaagizwa? Swali hili la mwisho lina uzito, kwani plastiki ya madumu huagizwa nje ya nchi ikiwa chembechembe kwenye mifuko ya kilo 25, na meli haiji kwa siku mbili. Dumu likiwa na gramu 160, madumu 120,000 yanakula zaidi ya tani 19, kiasi kinachochukua sehemu kubwa ya kontena la futi 40.

Pengo la 8,000 lina tiba: yatengenezwe Juni, kabla ya msongamano. Ila dumu tupu ni hewa iliyofungwa. Dumu la lita 5 huchukua nafasi ya kama lita 8, hivyo 8,000 yanahitaji mita za ujazo 64, karibu ukubwa wa ndani wa kontena zima la futi 40. Wakubaliane mapema yatakaa ghala la nani na kwa gharama ya nani.

Ahadi ya upande mmoja haidumu. Mtengenezaji akitenga mashine, amewakatalia wengine. Akinunua malighafi, amefunga fedha. Kwa hiyo mkamuaji naye ajifunge. Kwa robo ya 120,000, asilimia 15 ina maana atachukua yasiyopungua 102,000, na mtengenezaji atakuwa tayari hadi 138,000. Mwishoni mwa Juni, makadirio mapya yakisema 105,000, hakuna ugomvi. Yakisema 95,000 kwa sababu mbegu ni haba, basi yale 7,000 ya tofauti ni mzigo wa mkamuaji: ayachukue, au wakubaliane yasogezwe robo inayofuata. Kuhusu malighafi, haki ni kutenganisha. Chembechembe za kawaida zitatumika kwa mteja mwingine, lakini madumu yaliyochongwa nembo ya mkamuaji hayana mnunuzi mwingine.

Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni chumvi. Mkamuaji anayehofia kukosa huandika 160,000 ili apate 120,000. Mtengenezaji, akishamjua, huikata namba kimyakimya. Msimu ukifika hakuna anayejua ukweli ni upi. Cisco, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mitandao, iliyaona madhara ya namba zilizovimba mwaka 2001. Wateja waliohofia uhaba walikuwa wameagiza zaidi ya mahitaji yao, nayo ikajifunga kwa wagavi wake kwa kiasi kikubwa. Soko liliposhuka ilifuta katika hesabu zake takriban dola bilioni 2.2.

Chumvi hugunduliwa kwa daftari. Kila mwisho wa robo andika namba tatu kwenye mstari mmoja: ulichokadiria robo iliyotangulia, ulichoagiza, na ulichopokea. Ikiwa makadirio yanazidi oda robo baada ya robo, kosa ni lako, na mtengenezaji ana haki ya kutokuamini. Ikiwa oda inazidi kilichopokelewa, ahadi yake ndiyo isiyo na mashine nyuma yake. Kukosea mara juu mara chini ni kawaida ya soko. Kukosea upande uleule kila mara ni tabia.

Mnunuzi mdogo atasema hana nguvu ya kudai haya. Kweli, kiwanda kitamsikiliza kwanza anayechukua mara kumi yake. Lakini ana kitu cha kuweka mezani: oda za Januari hadi Machi, mashine zinapokaa bila kazi, au malipo ya awali ya malighafi. Mtengenezaji huthamini kazi ya miezi mikavu kuliko sifa.

Basi Machi ijayo, usitume jedwali peke yake. Ambatisha daftari la robo zilizopita, weka tarehe ya kujibiwa, na uombe idadi ya madumu kwa kila mwezi, iliyotiwa saini. Asiyekubali kuandika idadi hiyo amekwisha kukujibu: tafuta mtengenezaji wa pili kabla ya Juni.