Hisa Katika Barua ya Ajira: Je, Zina Thamani?

Wiki hizi mbili tumekuwa tukiijadili barua moja ya ajira. Kijana wa jamaa zetu, aliyehitimu masomo ya kompyuta, ameitwa na kampuni changa jijini Nairobi. Mshahara wake utakuwa shilingi 110,000 kwa mwezi, ilhali mwajiri mwingine amekubali kumlipa 150,000. Ili kufidia pengo hilo, kampuni inampa haki ya kununua hisa 40,000 kwa shilingi 25 kila moja. Wawekezaji wa karibuni walinunua kwa shilingi 100. Kijana amepiga hesabu: faida ya shilingi 75 mara 40,000 ni milioni 3. Wazazi wake wakatuuliza iwapo hesabu hiyo ni sahihi.

Kuzidisha amezidisha sawasawa, lakini kuna mambo ambayo barua haikuyataja.

Kwanza, hakupewa hisa. Amepewa ruhusa ya kuzinunua baadaye kwa bei ya leo, na ruhusa hiyo hukomaa polepole. Utaratibu uliozoeleka ni miaka minne: akiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kutimia, hapati kitu, ukitimia, robo hukomaa, na iliyobaki hukomaa mwezi baada ya mwezi. Katika miaka hiyo minne atakuwa ameacha shilingi 40,000 kila mwezi, yaani 1,920,000. Hiyo ndiyo bei halisi anayolipia haki yake.

Pili, idadi ya hisa peke yake haina maana mpaka ijulikane jumla yake. Tulimwomba aulize, akajibiwa kuwa hisa zote, pamoja na zile zilizoahidiwa wafanyakazi, ni milioni 4. Fungu lake, basi, ni asilimia 1, nalo litapungua kila kampuni itakapotoa hisa mpya kwa wawekezaji wengine.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Mabaharia wa majahazi yetu walilijua vyema: gharama za safari hutolewa kwanza, ndipo mafungu yagawanywe. Wawekezaji wa kampuni changa nao kwa kawaida hushika hisa za upendeleo, zinazowapa haki ya kurudishiwa fedha zao kabla ya mwingine yeyote kupata chochote. Katika kampuni hii wawekezaji wana hisa milioni 1.5, walizozilipia shilingi milioni 150. Hisa milioni 2.5 zilizobaki ni za waanzilishi na wafanyakazi.

Tuseme kampuni inauzwa kwa shilingi milioni 200. Magazeti yatasifu, na jirani watatoa pongezi. Lakini wawekezaji watachukua milioni 150 zao, na milioni 50 zitagawanywa kwa hisa milioni 2.5. Kila hisa itapata shilingi 20, nayo kijana anatakiwa ainunue kwa 25. Haki yake haina thamani yoyote.

Ikiuzwa kwa milioni 300, kila hisa ya kawaida itapata shilingi 60. Faida yake itakuwa 35 kwa kila hisa, jumla milioni 1.4, ambayo bado haifikii mshahara alioukosa. Ili arudishe tu alichokiacha, kampuni lazima iuzwe kwa takriban milioni 333, tena bila kutoa hisa mpya njiani.

Haya yamewahi kuwafika watu. Mwaka 2015 kampuni ya Marekani iitwayo Good Technology, iliyowahi kuthaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 1, iliuzwa kwa BlackBerry kwa dola milioni 425. Hisa ya kawaida iliyowahi kukadiriwa zaidi ya dola 4 ilipata senti 44. Baadhi ya wafanyakazi walikuwa wamekwisha kulipia kodi thamani ile ya juu.

Liko pia suala la kuondoka. Mikataba mingi humpa anayeacha kazi siku 90 tu za kununua hisa zilizokomaa. Kijana wetu akiondoka baada ya miaka miwili, atahitaji shilingi 500,000 taslimu, pamoja na kodi itakayomwangukia, ili anunue hisa ambazo hazina soko la kuuzia. Asipolipa, haki hupotea.

Kwa hiyo tulimshauri arudi na maswali matatu, na ayapate majibu kwa maandishi: jumla ya hisa zote ni ngapi, wawekezaji watatangulia kuchukua kiasi gani, na akiondoka atapewa muda gani wa kulipa. Kampuni inayokataa kujibu, hisa zake na zihesabiwe kuwa sifuri, kisha mshahara upimwe peke yake.

Swali la kwanza alikwisha kujibiwa, na la pili pia. La tatu bado. Ameiweka barua mezani bila saini, na tumeona amefanya vyema.