Ute wa Bamia, Chia na Rihani, na Choo Kigumu Katika Mwezi wa Ramadhani

Liko jambo moja ambalo watu wengi huliona haya kulitaja, hata mbele ya daktari, nalo ni kufunga choo. Katika mwezi wa Ramadhani huzidi, kwani mfungaji hukaa muda wa saa 13 hivi pasipo kunywa maji, kisha usiku hujishibisha kwa vyakula vikavu. Basi twaomba radhi kwa wenye haya, tulizungumze waziwazi, maana mtu hawezi kutibu asilolitaja.

Mzee mmoja wa Kisesa, mji ule ulio katika wilaya ya Magu kando ya njia itokayo Mwanza kwenda Musoma, alikuwa na umri wa miaka 68. Ramadhani ilipofika siku ya tisa alikuwa haendi haja ila kila siku ya nne, tena kwa taabu kubwa, na kilichotoka kilikuwa kama kokoto. Futari yake ilikuwa michembe na chai ya rangi. Chakula chake cha usiku ni ugali na dagaa wa kukaanga, na daku ni ugali uliobaki. Maji alikunywa bilauri mbili tu tangu magharibi hata alfajiri, kwa kuwa hakupenda kuamka usiku mara kwa mara.

Kijana wake aliyekuwa Mwanza mjini alisikia habari za mbegu za chia, akamletea mfuko. Mzee akachota kijiko kikubwa wakati wa daku, akakitia kinywani kikavu, akasukuma kwa funda mbili za chai. Asubuhi akahisi kitu kimemkaa kifuani, na siku mbili zilizofuata tumbo likajaa, choo kisitoke kabisa. Akasema mbegu zile ni sumu.

Hazikuwa sumu. Kosa lilikuwa katika namna ya kuzitumia, na ili kulifahamu yapasa kwanza tujue choo huwa kigumu kwa sababu gani.

Chakula kikiisha kusagwa tumboni na kupita katika utumbo mwembamba, mabaki yake huingia katika utumbo mpana yakiwa majimaji kama uji. Kazi moja ya utumbo mpana ni kuyanyonya maji hayo na kuyarudisha mwilini. Choo kizuri, ingawa chaonekana kitu kigumu, karibu robo tatu yake ni maji. Mabaki yakikawia humo siku tatu au nne, utumbo huzidi kunyonya, nacho hukauka na kukatika vipande. Maji yakipungua kidogo tu kuliko kiasi chake, tofauti huwa kubwa, na mtu hujikamua hata akapata bawasiri au mchaniko.

Hapo ndipo ute unapofaa. Kila mpishi wa Usukumani aujua ute wa bamia na wa mlenda, ule unaovutika kutoka chunguni hata mdomoni. Ute huo ni aina ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini, minyororo mirefu ya sukari ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuimeng'enya. Minyororo hiyo hushika maji na kuyafunga baina yake. Ukifika katika utumbo mpana, ute huyazuia baadhi ya maji yasinyonywe, basi choo hubaki laini na chenye wingi, na wingi huo huusukuma utumbo ufanye kazi yake. Ute hautii maji yake wenyewe. Huyashika yale yaliyoletwa na mnywaji. Asiyekunywa maji hana kitu cha kushikwa.

Mbegu za chia na za rihani zina ute wa jinsi hiyo katika ganda lao la nje. Zikiwa kavu hauonekani, lakini zikigusana na maji ganda hufumuka na kila mbegu ikavaa koti la utelezi. Chia asili yake ni Meksiko, na siku hizi hulimwa Uganda na mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Rihani twaijua tangu zamani kwa harufu yake, na jina lake limo katika Suratur-Rahman, ingawa wafasiri wengi husema makusudio ni kila mmea wenye harufu nzuri. Wala aya hiyo haizungumzii dawa ya tumbo, tusije tukaibebesha isiyoyasema. Mbegu zake ndizo wenye maduka wa Kihindi waziitazo takmaria, zitiwazo katika faluda.

Kuzitofautisha si vigumu. Takmaria ni nyeusi zote, hazing'ai. Chia ni ndogo kidogo, zinang'aa, na zina madoa ya kijivu, meupe na meusi. Ukitia chembe katika bilauri ya maji, takmaria huvimba kwa dakika chache tu na kuonekana kama mayai ya chura, punje nyeusi ndani ya ukungu mweupe. Chia huchukua nusu saa au zaidi. Zilizokaa chini bila kuvimba baada ya saa nzima, usizile. Tena usinunue rihani katika duka la pembejeo, maana mbegu za kupanda mara nyingi huwa zimepakwa dawa ya wadudu.

Sasa turudi kwa yule mzee. Kijiko kikubwa cha chia kina uzito wa gramu 12 hivi, na chia huweza kunywa maji mara kumi ya uzito wake. Kwa hiyo kijiko kile kilitaka gramu 120 za maji, karibu nusu ya bilauri, kabla ya kutosheka. Mzee alikipa funda mbili za chai. Yaliyobakia zilijitafutia zenyewe, kwanza katika umio, kisha katika tumbo lililokuwa limekwisha kauka. Hilo la umio si dogo. Mwezi Oktoba 2014, katika mkutano wa madaktari wa tumbo uliofanyika Filadelfia, Amerika, ilisomwa habari ya mtu wa miaka 39, mwenye tatizo la zamani la kumeza, aliyekula kijiko kikubwa cha chia kavu kisha akanywa maji. Mbegu zikavimba humo humo njiani zikaziba umio, hata madaktari wakalazimika kuingiza mpira wenye taa na kuzisukuma kidogo kidogo.

Binti wa mzee, ambaye ni muuguzi, alikuja kumtazama. "Shikamoo baba," akasema, "tumbo lako lajaa, lakini upepo watoka?" Mzee akaitikia marahaba, akasema upepo watoka, wala hatapiki. Swali hilo lilikuwa la maana sana. Tumbo likivimba, mtu akatapika, na hata upepo usitoke, huenda utumbo umeziba, na hapo hakuna bamia wala chia, ni kwenda hospitali saa ile ile. Alipomuona hana hayo, aliamua choo kilichokwisha kauka kiondolewe kwanza, kwa dawa ya kutia nyuma aliyoandikiwa katika kituo cha afya. Kumwongezea mtu ute juu ya gogo lililoziba njia ni kama kuongeza watu katika mlango uliofungwa.

Baada ya hapo alimpangia hivi. Mara akiisha kufuturu kwa tende na maji, anywe bilauri nzima ya maji. Kijiko kimoja kidogo cha chai cha chia, si kikubwa, kilowekwe tangu alasiri katika bilauri ya maji, kikorogwe mara mbili katika robo saa ya kwanza ili kisigande kuwa donge, naye akinywe baada ya sala ya tarawehe. Toka hapo hata daku aongeze bilauri nne, akinywa kidogo kidogo. Michembe ipungue, mahali pake pawe uji na papai. Na chakula cha usiku kiwe na bamia.

Juu ya bamia ipo hitilafu baina ya wapishi. Wengine huzitia ndimu au nyanya nyingi ili ute ukatike. Nao ni kweli, ukali huo huupunguza utelezi. Wengine hutia magadi ili ute uzidi kuvutika. Kwa mwenye choo kigumu ndimu na itiwe mezani, kidogo, wala si chunguni. Ama magadi, mimi siyapendi kwa wazee, kwani ni chumvi ya sodiamu, na mzee huyu alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu. Bamia changa kumi, zikikatwa vipande na kuchemshwa kwa moto mdogo kwa dakika kumi, zatoa ute wa kutosha bila ya magadi yoyote.

Siku tatu za kwanza alilalamika kuwa tumbo languruma na upepo umezidi. Hiyo ni kawaida, maana vijidudu vya utumbo mpana hula sehemu ya ute na kutoa hewa. Ndiyo sababu ya kuanza na kijiko kidogo. Siku ya tano alienda haja bila kujikamua. Juma la pili akaongezewa kijiko cha pili, na mwisho wa Ramadhani alikuwa akienda siku moja baada ya nyingine.

Hapa yafaa tuseme kweli. Ute unaoliwa wote na vijidudu hauwezi tena kushika maji, na ute wenye nguvu ni ule unaofika mwisho wa safari ukiwa mzima. Uliojaribiwa na madaktari kwa watu wengi na kuthibitika ni wa maganda ya isabgoli, yauzwayo katika maduka ya dawa. Bamia, chia na takmaria zina tabia inayokaribiana nayo, lakini hazijapimwa kwa kadiri ile. Ni chakula kizuri kinachosaidia. Mtu aliyetumia majuma mawili kwa maji ya kutosha asione tofauti, asizidishe vijiko.

Ute hauchagui cha kushika. Huweza kukawiza hata vidonge. Kwa hiyo anywaye dawa za sukari, za shinikizo la damu au nyinginezo, aache saa mbili baina ya dawa na ute. Mama mjamzito apewaye vidonge vya madini ya chuma, ambavyo vyenyewe hukausha choo, naye afanye vivyo hivyo, wala asiviache. Mtoto mchanga asipewe mbegu hizi kabisa, wala mtu mwenye taabu ya kumeza. Na yeyote aonaye damu chooni, au aliyekonda bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika ghafula naye amepita miaka 50, aende akapimwe kwanza.

Yule mzee bado ana mfuko wake wa chia. Ameuandikia kwa kalamu nene, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni utotoni, neno moja tu: maji.