Kukadiria Damu Isukumwayo na Moyo
Hospitali ya Tenwek, Bomet, hupasua mioyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Je, moyo kama huo husukuma damu kiasi gani? Kanuni ya Adolf Fick (1870) hugawanya oksijeni itumiwayo na mwili kwa tofauti ya oksijeni baina ya damu ya ateri na ya vena. Mgonjwa wa mfano hutumia mililita 210 kwa dakika. Lita ya damu ya ateri ina mililita 160, ya vena 100. Basi 210 ÷ 60 = lita 3.5 kwa dakika, ilhali mtu mzima mwenye afya, akipumzika, hufikia 5 hivi. Damu ya vena sharti ichukuliwe katika ateri ya mapafu, ilikokwisha kuchanganyika. Ya mkononi hupotosha. Tena 210 ikiwa imekisiwa tu kwa jedwali, na matumizi halisi ni 252, moyo husukuma lita 4.2.