Maneno Mangapi kwa Dakika?

Vitabu vya Kiingereza humwelekeza msemaji atamke maneno kama 150 kwa dakika. Tulipokichukua kipimo hicho katika mawaidha ya Kiswahili, pumzi zilituishia na wasikilizaji wakaachwa nyuma. Sababu i wazi: neno letu moja, kama "hatutawaambia", hubeba yale ambayo Mwingereza huyasema kwa maneno matano. Kwetu sisi, 100 ni mwendo wa kutosha.

Jengo nalo lina hukumu yake. Katika msikiti wenye kuba na kuta za vigae, mwangwi wa silabi iliyopita huifunika ijayo. Piga kofi moja humo. Sauti ikidumu kiasi cha sekunde mbili, teremka hadi 80. Kuongeza sauti ya kipaza hakufai kitu, kwani mwangwi nao huongezeka. Wala usiyavute maneno. Nyamaza kidogo mwisho wa kila kifungu, mwangwi ufe. Watu wakijaa, miili na kanzu zao huumeza, nawe waweza kuharakisha kidogo.

Tuseme umepewa dakika 10 kueleza mirathi. Kwa mwendo wa 80 una nafasi ya maneno 800. Lakini utakapofika kwenye thumni ya mke na sudusi ya mama, watu watakuwa wakihesabu vidoleni, na hapo 60 ndiyo kadiri. Basi sisi huandika maneno 700 tu. Wa safu ya nyuma wakianza kuwauliza jirani zao, tumekwisha kuharakisha.