Umebadilisha Kazi Katikati ya Mwaka? Huenda Una Pesa Zako KRA

Kila mwezi mwajiri hukata PAYE kana kwamba utalipwa mshahara uleule mwaka mzima. Lakini ushuru wenyewe huhesabiwa kwa mwaka. Ukikaa miezi kadhaa bila kazi, au ukipata kazi ya mshahara mdogo, mara nyingi huwa umekatwa zaidi ya inavyofaa.

Tuchukue mfano. Kijana wa Vitengeni alifanya kazi hotelini Malindi Januari hadi Mei. Mshahara wake unaotozwa ushuru, baada ya makato mengine, ulikuwa 50,000 kwa mwezi, na PAYE ilikuwa karibu 7,383. Msimu wa watalii ukaisha, akakaa nyumbani miezi miwili. Agosti akapata kazi Kilifi mjini kwa 30,000, PAYE 1,500 kwa mwezi hadi Desemba.

Jumla alikatwa karibu 44,417. Sasa hesabu ya mwaka: mapato 400,000. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na 12,000 zilizobaki asilimia 30. Hiyo ni 57,400. Toa unafuu wa kibinafsi wa 28,800, ambao ni wa mwaka mzima hata kwa ile miezi miwili aliyokaa bila kazi. Inabaki 28,600. Anadai karibu 15,817.

Ili uzipate, omba fomu ya P9 kwa waajiri wote wawili. Ingia iTax ujaze ritani kabla ya Juni 30. Weka mapato ya kila mwajiri kwenye `Employment Income`, na PAYE ya kila mmoja kwenye sehemu ya makato. Mwisho wa hesabu, tarakimu yenye alama ya kutoa inamaanisha unadai. Ukishawasilisha, nenda kwenye menyu ya `Refunds` utume ombi, ukiambatisha P9 zote. Una miaka 5 tangu ushuru ulipolipwa.

Wengi hukwama hapa: wanaweka P9 ya kazi mpya pekee, na ile PAYE ya zamani haihesabiwi kabisa. Wengine mwajiri wao wa kwanza alikata pesa lakini hakuzipeleka. Utajua hivi: PAYE aliyotangaza mwajiri hailingani na P9 yako, au jina lake halionekani kabisa kwenye iTax. Mtafute arekebishe kwanza, kisha uombe, la sivyo ombi litakwama. Ukishindwa, nenda ofisi ya KRA Malindi na P9 zako na hati za mshahara.

Tahadhari pia: kama ulikuwa na kazi mbili mwezi mmoja, na kila mwajiri akakupa unafuu wa 2,400, huenda wewe ndiye unayedaiwa.

Kudai hakuna ada, na pesa hulipwa kwenye akaunti ya benki uliyosajili. Anayekupigia simu akitaka "ada ya kuharakisha" au nambari yako ya siri ni tapeli. Kata simu.