Mafindofindo ya mtoto: kabla ya kisu, hesabu

“Daktari, huyu kila mwezi anaumwa koo. Mkateni tu hayo mafindofindo, tumechoka.”

Maneno hayo yamezoeleka katika kliniki za masikio, pua na koo. Daktari makini hakimbilii kisu, wala hamkatalii mzazi papo hapo. Huanza kuandika, kwa sababu ugonjwa unaojirudia hauonekani kwa kumulika koo siku moja. Unaonekana kwenye tarehe.

Tuchukue mfano wa mtoto wa kike wa miaka 6, mwenye uzito wa kilo 20. Daftari lake la kliniki linaonyesha mahudhurio 9 ndani ya miezi 12. Daktari anayapitia moja moja, na hapo ndipo hadithi inapobadilika. Mara 2 mtoto alikutwa na malaria na koo halikutajwa kabisa. Mara 2 nyingine alikuwa na kikohozi na kamasi, dalili za mafua ya virusi. Zinabaki 5 ambazo koo liliuma kweli na kuambatana na homa ya zaidi ya nyuzi 38.3, usaha kwenye mafindofindo au mitoki shingoni. Mwaka uliotangulia alipatwa na hali hiyo mara 2 tu.

Kipimo kinachotumika sana duniani kilitokana na utafiti wa Jack Paradise na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 1984. Upasuaji hufikiriwa mtoto akiugua angalau mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3, na kila tukio liwe limeandikwa. Mtoto wetu hajafikia hata kimojawapo.

Lakini maelezo hayaishii kwenye koo. Daktari anauliza mtoto analalaje. Mama anasema hukoroma akiwa na mafua tu, hakati pumzi usingizini, na hajarudia kukojoa kitandani. Jibu hilo lina uzito mkubwa: mafindofindo yakiziba pumzi usiku, upasuaji unaweza kuhitajika hata kama koo haliumi mara kwa mara. Kisha linakuja swali la damu. Je, hutoka damu puani? Kuna selimundu katika ukoo? Aliwahi kukatwa kimio kwa mganga, na damu ilichukua muda gani kukata? Mama anajibu hapana kwa yote, na daktari anayaandika yote, kwa sababu “hapana” iliyoandikwa ni taarifa kamili.

Uchunguzi wenyewe ni mfupi. Mafindofindo ni daraja la 3 kati ya 4, yaani yamechukua zaidi ya nusu ya upana wa koo. Hayana wekundu wala usaha, na kimio kiko katikati. Masikio ni mazima. Moyo unasikilizwa pia, kwani maambukizi ya bakteria wa streptokoka yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Mama anashtushwa na ukubwa wa mafindofindo, lakini katika umri huu ni makubwa kwa watoto wengi, na ukubwa peke yake haumpeleki mtoto chumba cha upasuaji.

Mpango unaoandikwa ni kusubiri kwa uangalizi kwa miezi 12, kwa kuwa watoto wengi hupungukiwa na mashambulizi bila kukatwa. Koo likiuma tena na kipimo kikionyesha streptokoka, atapewa amoksilini miligramu 1000 mara moja kwa siku kwa siku 10, baada ya kuhakikisha hana mzio wa penisilini. Dozi haikatizwi homa inaposhuka siku ya 2. Mashambulizi yakifikia idadi, au mtoto akianza kukata pumzi usingizini, uamuzi unafunguliwa upya.

Kusubiri huku kuna sababu. Upasuaji hufanywa kwa nusu kaputi, na hatari yake kubwa ni damu: inaweza kutoka ndani ya saa 24 za kwanza, au kati ya siku ya 5 na ya 10 utando mweupe wa kidonda unapobanduka, wakati mtoto yuko nyumbani na familia imeshapumua. Kodeini haipewi mtoto wa chini ya miaka 12 kwa maumivu hayo, maana kwa baadhi yao huzima pumzi.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hii aandike tarehe, joto la mwili na dawa iliyotolewa kila koo linapouma, kisha aende na daftari hilo kliniki. Ila mtoto asiyeweza kumeza hata mate, asiyefungua kinywa vizuri au anayepumua kwa shida asisubiri miadi: apelekwe hospitali saa ileile.