Homa Imeshuka, Ruhusa Bado

Barua nyingi za ruhusa ya ugonjwa zina mistari mitatu tu: naumwa, naomba siku kadhaa, nimeambatisha cheti. Kwa mafua au maumivu ya jino, hiyo inatosha. Homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, inahitaji maelezo zaidi kwa sababu mwendo wake humchanganya hata mgonjwa mwenyewe. Dawa ikimkubali, mara nyingi homa hushuka ndani ya siku 3 hadi 5. Mgonjwa anaanza kula, anatoka barazani kuota jua, mtu anamwona, na habari zinafika kazini kwamba fulani amepona. Wakati huo dozi yake bado haijaisha na utumbo wake haujapona.

Chanzo ni bakteria aitwaye Salmonela Taifi, anayeingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Dalili huchelewa, kwa kawaida wiki moja hadi tatu baada ya kumeza vimelea, kisha homa hupanda kidogo kidogo siku hadi siku, pamoja na kichwa kuuma, tumbo kuuma na uchovu mzito. Bakteria hao hushambulia sehemu za mwisho za utumbo mdogo na kuacha vidonda. Kwa mgonjwa aliyechelewa kutibiwa, hatari kubwa ya utumbo kuvuja damu au kutoboka huja karibu na wiki ya tatu ya ugonjwa. Ndiyo maana daktari humpa mtu mapumziko marefu kuliko homa yake, na ndiyo maana barua inayosema "nina homa" peke yake humwacha mwajiri akijiuliza kwa nini mtu asiye na homa tena hajarudi.

Tanzania Bara, haki yenyewe iko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Kwa kawaida haki hiyo ya malipo huanza baada ya miezi 6 ya utumishi. Sharti linalowakwamisha wengi ni la cheti: mwajiri halazimiki kulipa siku hizo ikiwa mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha mtabibu mwingine anayekubaliwa na mwajiri. Sheria hiyohiyo inamzuia mwajiri kukataa cheti cha mtabibu huyo bila sababu ya msingi.

Nchini Kenya hesabu ni finyu zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaanza kumlinda mfanyakazi mapema, baada ya miezi 2 ya utumishi, lakini kiwango cha chini kinachohakikishwa ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa kila miezi 12. Wiki mbili za taifodi zinaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima, isipokuwa mkataba wake unampa zaidi. Huko nako cheti ni lazima, na mfanyakazi anatakiwa kumjulisha mwajiri mapema kadiri inavyowezekana.

Tuchukue mfano wa mpishi msaidizi katika hoteli moja ya Morogoro, mwenye miaka miwili kazini. Alhamisi alianza kuumwa kichwa na kuhisi baridi. Alidhani ni malaria, akamwambia hivyo msimamizi wake wa zamu kwa simu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na homa ikazidi kupanda. Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, alifikishwa hospitali ya wilaya, akatolewa damu ya kuotesha kabla ya kupewa dawa, akalazwa. Alhamisi tarehe 6 aliruhusiwa kwenda kumalizia dawa nyumbani. Dozi yake ni ya siku 10, na daktari amempumzisha siku 14. Siku hiyo hiyo ya kutoka hospitali, ndugu yake anapeleka barua hii hotelini pamoja na nakala ya cheti:

Meneja Rasilimali Watu,
6 Machi 2025

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA UGONJWA, 3 HADI 16 MACHI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mpishi msaidizi, zamu ya asubuhi. Tarehe 27 Februari nilimjulisha msimamizi wa zamu kwa simu kwamba ninaumwa na kwamba nilidhani ni malaria. Baada ya vipimo vya hospitali, daktari amethibitisha kuwa ni homa ya matumbo. Nililazwa kuanzia tarehe 3 hadi 6 Machi.

Daktari ameelekeza nipumzike siku 14, kuanzia tarehe 3 hadi 16 Machi, kama cheti nilichoambatisha kinavyoonyesha. Homa imeanza kushuka, lakini ninaendelea na dawa hadi tarehe 12 na ninatakiwa kurudi kliniki tarehe 14. Ninatarajia kuripoti kazini Jumatatu, tarehe 17 Machi.

Daktari ameelekeza pia nisiandae chakula mpaka majibu ya vipimo vya choo yatoke. Ninaomba kupangiwa kazi nyingine kwa muda huo. Funguo za stoo ya jikoni nimezikabidhi kwa msimamizi wa zamu. Nikihitajika kwa maelezo, ninapatikana kwa simu.

Wako mtiifu,
(jina, sahihi na namba ya simu)

Barua hiyo ni fupi, lakini kila sehemu yake inazuia tatizo fulani. Kutaja malaria ya awali ndiko kunakostahili kutazamwa kwanza. Mkuu wa kazi alisikia malaria Alhamisi, sasa anasoma taifodi. Asipoelezwa, atahisi kuna hadithi mbili. Katika maeneo yenye malaria jambo hili hutokea sana, maana magonjwa haya mawili huanza kwa dalili zinazofanana, na sentensi moja ya kweli inaondoa shaka yote.

Tarehe nazo zina kazi kubwa. "Wiki mbili" inaweza kuhesabiwa kuanzia siku ya kuugua, siku ya kulazwa au siku ya kuandika barua, na kila hesabu inatoa siku tofauti ya kurudi. Mpishi wetu ameandika mwanzo, mwisho na siku ya kuripoti, na zote zinalingana na cheti. Siku zilizotangulia, kuanzia tarehe 27 Februari hadi 2 Machi, hazimo kwenye cheti. Hapo ndipo ile simu ya mapema inapomsaidia, kwa sababu kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinaorodhesha utoro wa zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu. Anaweza kumwomba daktari aeleze kwenye cheti kwamba dalili zilianza tarehe 27, lakini asiandike tarehe hizo kwa mkono wake kwenye karatasi ya hospitali. Cheti kilichochezewa humgeuza mgonjwa kuwa mtuhumiwa wa udanganyifu, hata kama ugonjwa ulikuwa wa kweli.

Kuhusu malipo, siku 14 hizo zinatoka kwenye zile 63 za mshahara kamili. Kama hajawahi kuugua ndani ya mzunguko huo, anabaki na 49. Haombi hisani, na hana sababu ya kujaza barua maneno ya kusikitisha.

Sehemu ya jikoni ndiyo wengi wasingeiandika, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mtu anayepona taifodi anaweza kuendelea kutoa bakteria kwenye choo kikubwa kwa wiki kadhaa akiwa anajisikia mzima. Wachache hubaki nao zaidi ya mwaka, mara nyingi vikiwa vimejificha kwenye kifuko cha nyongo. Mfano mashuhuri ni Meri Maloni, mpishi wa Niu Yoki aliyegunduliwa mwaka 1907 kuwa anaambukiza familia alizozipikia ingawa mwenyewe hakuonekana mgonjwa. Alitengwa mara mbili, na mara ya pili ilidumu kuanzia mwaka 1915 hadi alipofariki mwaka 1938. Leo mtu wa kazi ya chakula hupimwa choo baada ya kumaliza dawa, kwa kawaida zaidi ya mara moja, kabla ya kurudishwa jikoni. Sampuli ya kwanza ya mpishi wetu itachukuliwa tarehe 14, siku mbili baada ya dozi kuisha. Kuotesha choo maabara huchukua siku kadhaa, kwa hiyo tarehe 17 atakuwa na nguvu za kufanya kazi lakini bila majibu yote. Kwa kutenganisha mapumziko na katazo la jikoni, barua inampa meneja nafasi ya kumpangia kazi ya mapokezi au ya kumbukumbu za stoo. Karani wa ofisi asingehitaji aya hiyo, na angeweza hata kuomba jina la ugonjwa lisisambazwe nje ya idara inayoshughulikia ruhusa. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Cheti chenyewe, ambacho wafanyakazi wengi hukiita ED, kinapaswa kubeba jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye mkataba wa kazi, tarehe aliyoonwa, siku alizopumzishwa, jina la daktari na namba yake ya usajili, sahihi, na mhuri wa kituo. Risiti ya dawa si cheti. Majibu ya maabara nayo si cheti, na kwa taifodi yanaweza hata kupotosha. Kipimo cha Widali, kinachotumika sana kwenye zahanati, hutafuta kingamwili kwenye damu. Kingamwili hizo zinaweza kuwa zimebaki kutokana na maambukizo ya zamani, au kuletwa na ugonjwa mwingine. Kwa sababu hiyo watu wengi huambiwa wana taifodi wasiyokuwa nayo, na waajiri wanaopokea vyeti vya taifodi kila mwezi huanza kuvitilia shaka vyote. Kuotesha damu ni ushahidi mzuri zaidi, ingawa nako hukosa baadhi ya wagonjwa, hasa waliokwisha kumeza antibayotiki kabla ya kupimwa. Mfanyakazi hahitaji kubishana na meneja kuhusu maabara. Kinachotakiwa ni uamuzi wa daktari ulioandikwa kwenye cheti, na kituo kinachoweza kuthibitisha kwamba ndicho kilichokitoa.

Barua itolewe nakala mbili. Moja inabaki kwa mwajiri, ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa na kurudi kwa mgonjwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mpishi wetu anapaswa kulitazamia. Taifodi huweza kurudi, mara nyingi wiki moja hadi tatu baada ya dawa kuisha. Akipandwa na homa tena tarehe 22 Machi, asiitegemee barua ya kwanza, kwa kuwa muda wake ulikwisha tarehe 16. Arudi hospitali, apate cheti kipya, kisha aandike barua nyingine inayotaja tarehe ya ile ya kwanza na kueleza kwamba ugonjwa ule ule umerejea. Tumbo likianza kuuma ghafla na kukaza, au akiona damu au choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Simu kwa msimamizi inaweza kupigwa na ndugu akiwa njiani, na barua ifuate baadaye.